Nguru wa Idd: kurudisha zawadi ya msambazaji bila kuvunja undugu

Siku mbili kabla ya Idd, saa kumi jioni, bodaboda anasimama mlangoni kwako Chumbageni na deli la barafu nyuma ya pikipiki. Ndani mna nguru mzima wa kilo 8. "Mzee wa samaki anasema Idd Mubarak, kitoweo cha watoto hiki." Mzee huyo ndiye anayeiletea hoteli yako samaki kila wiki, na wewe ndiye unayesaini oda zake.

Mwongozo huu ni wa afisa manunuzi wa hoteli, shule ya bweni au kampuni binafsi hapa Tanga, anayenunua kwa watu anaosali nao, anaozikana nao na anaokutana nao sokoni Mgandini. Mahali pengine mtu anaweza kurudisha zawadi kwa barua pepe ya mistari miwili na mambo yakaisha. Hapa ukifanya hivyo umemtukana mzee, na habari itafika Ngamiani kabla yako. Tutamfuata nguru huyu mmoja hatua kwa hatua. Ukijua kumrudisha yeye, kapu la sukari na mchele, doti za kanga na mbuzi wa kuchinja hazitakushinda.

Mtumishi wa umma ana kanuni zake za maadili na za ununuzi, ambazo ni kali zaidi ya haya. Aanze na hizo.

Kwanza, jua samaki amefuata nini

Watu wengi wanadhani msambazaji anayeleta zawadi anataka kupendelewa. Wapo wa namna hiyo. Lakini kwa biashara ndogondogo za hapa pwani, mara nyingi zaidi anachotafuta ni kutosahauliwa, maana kuna kitu kinamtia hofu. Kabla hujafikiria maneno ya kukataa, kaa na hesabu zake dakika kumi.

Tuseme hoteli inachukua kwake kilo 60 za samaki kwa wiki, kwa bei ya shilingi 12,000 kwa kilo. Hiyo ni 720,000 kwa wiki. Mkataba unasema alipwe ndani ya siku 30, lakini ukitazama malipo ya karibuni unaona analipwa baada ya siku kama 50, yaani wiki 7. Maana yake ni kwamba wakati wowote ule hoteli imekalia shilingi 5,040,000 za mzee huyu, na yeye anatakiwa awalipe wavuvi wa Sahare taslimu, alfajiri, samaki akiwa bado anatoka chomboni. Nguru wa kilo 8, ukimpigia 15,000 kwa kilo, ni 120,000. Kwake si gharama kubwa kama itamfanya afisa manunuzi aikumbuke ankara yake.

Hesabu hii ndiyo itakayokusaidia kuliko maneno yote matamu. Ukimrudisha samaki na ile milioni tano ikabaki imekwama, umemwacha mzee hana zawadi wala hela, na lazima anune. Ukimrudisha samaki na wiki hiyohiyo ukafuatilia ankara, hata hasira haina pa kukaa.

Zitazame na tarehe. Kama hoteli iko kwenye kuomba bei mpya, au mkataba unakwisha ndani ya miezi mitatu, zawadi hiyo ina uzito mwingine kabisa, hata kama mzee mwenyewe hakufikiria hivyo. Katika kipindi hicho usipokee chochote kutoka kwa yeyote anayeleta bei, hata kahawa.

Na sheria isikupite. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, haiwahusu watumishi wa serikali peke yao. Kifungu cha 15 kinamgusa pia mtu anayefanya kazi kwa niaba ya mwajiri binafsi, akipokea manufaa kama kishawishi au malipo ya kufanya, au kutofanya, jambo la mwajiri wake. Kinamgusa anayetoa na anayepokea, na kinagusa manufaa anayopewa mtu mwingine badala yako. Kwa hiyo "nilimpa mkeo, sikukupa wewe" haikuokoi. Si kila samaki wa Idd ni rushwa. Ila huwezi kumthibitishia mtu baadaye kwamba moyoni mwako hukushawishika, na ndiyo maana ni salama zaidi samaki asiingie jikoni.

Barua ya kabla ya mwezi kuandama

Kukataa kwa urahisi ni kule kunakofanyika kabla mzee hajatoa hela yake mfukoni. Wiki mbili kabla ya Ramadhani, na tena wiki mbili kabla ya Krismasi, meneja atume ujumbe mmoja kwa wasambazaji wote. Asaini meneja, si afisa manunuzi. Ukisaini wewe, kila mtu atasoma kwamba wewe ndiye mgumu. Akisaini yeye, wewe na mzee mnabaki upande mmoja, wote mnaifuata kanuni ya nyumba.

Maneno yawe mafupi na yenye heshima, kwa mfano hivi:

"Assalaam alaykum na habari za kazi. Tunapoukaribia mwezi mtukufu, tunawashukuru wote mnaotuletea bidhaa mwaka mzima. Tunawaomba msimtumie mfanyakazi wetu yeyote zawadi, kapu wala fedha, nyumbani au kazini. Kanuni hii ni ya wasambazaji wote, wakubwa kwa wadogo. Aliye na ankara iliyopita siku 30 atuletee nakala kwa mhasibu kabla ya tarehe 10, tuishughulikie kabla ya Idd. Mnakaribishwa nyote kwenye futari ya hoteli, Alhamisi ya wiki ya tatu ya mfungo. Ramadhani Karim."

Sentensi mbili zinabeba barua hii. Ile ya ankara inajibu hofu tuliyoiona kwenye hesabu, na ile ya futari inaufungua mlango mwingine wa ukarimu, ulio wazi na wa watu wote. Barua inayosema "hatupokei zawadi" ikaishia hapo inasomeka kama onyo la polisi, na wazee wa hapa hawaandikiwi hivyo.

Wasioshika simu za ujumbe wasomee mwenyewe wanapoleta mzigo. Wavuvi na wachuuzi wengi watakuwa kundi hilo.

Mlangoni

Pamoja na barua, nguru amekuja. Jambo la kwanza kuharibika ni hili: hukuwepo nyumbani, mtoto au dada wa kazi amepokea, bodaboda ameondoka na deli liko jikoni. Zungumza na watu wa nyumbani mapema. Wape sentensi moja tu ya kusema: "Tunashukuru sana, subiri kidogo tumpigie mwenyewe." Wasikatae wao, wala wasipokee. Mtoto akimkatalia mjumbe wa mtu mzima, hilo ni kosa la adabu ambalo utalipia wewe.

Ukiwepo, mwambie kijana wa bodaboda asishushe mzigo na asizime pikipiki. Mwambie utamlipa nauli ya kurudi. Usilifungue deli kutazama, kwa sababu kijana atasimulia ulivyofungua, ukageuzageuza, kisha ukarudisha, na kwa mzee itakuwa umekiona kitu chake kidogo. Hapohapo, mbele yake, piga simu.

Simu

Mpangilio wa maneno ndio kazi yenyewe. Salamu kamili kwanza, isikatizwe. Kisha shukrani inayokitaja kitu kwa jina lake. Kisha kanuni, na kwamba ni ya wote. Kisha jambo la kazi. Kisha dua. Usianze na "lakini".

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu, umemwona kijana?"

"Nimemwona, yuko mbele yangu hapa. Mzee, ahsante sana. Umetukumbuka na nguru mzima, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Mzee wangu, ofisini tumefungwa, hatupokei kitu kwa msambazaji yeyote, ile barua ya meneja. Naomba uniwie radhi, kijana anarudi naye sasa hivi, barafu bado ipo. Na kesho asubuhi nataka nikae na mhasibu juu ya ankara zako, unipe namba za zile zilizochelewa."

Atasema jambo moja kati ya matatu, na kila moja lina jibu lake.

Akisema, "Hiki si cha ofisi, nimempa mwanangu," mjibu kwamba ndivyo ulivyokipokea moyoni, na kwamba kanuni haiulizi nia, inauliza tu nani anamuuzia nani. Akisema, "Sasa mimi nimrudishe samaki, watu watanionaje?" hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Mwambie hakuna atakayejua kutoka kwako, na utafika kwake mwenyewe kumpa mkono wa Idd. Akisema, "Basi chukua nusu," usiingie kwenye nusu. Ukikubali nusu, mwakani mtabishana juu ya robo. Mwambie tu, "Mzee, nikianza kupima nitapima mwaka mzima," kisha rudi kwenye ankara.

Kuna majibu matatu ambayo watu hukimbilia na ambayo huharibu. La kwanza ni uongo mdogo: "Daktari amenikataza samaki." Wiki ijayo atakuletea kuku wa kienyeji, na atakuwa amesumbuka zaidi. La pili ni kuahirisha: "Siku nyingine, mzee." Umeahidi, na ahadi ni deni. La tatu ndilo baya kuliko yote: "Bosi akijua nitafukuzwa." Msikilizaji anasikia kwamba tatizo ni kujulikana. Basi atakuletea usiku, au atampa shemeji yako, na atakuwa na haki ya kudhani mmeelewana.

Kumrudisha

Mlipe kijana nauli kutoka mfukoni mwako, si kwa fedha za ofisi, na umwandikie mzee ujumbe wa mstari mmoja kijana akishaondoka: "Mzee wangu, nguru anarudi kwako na deli lake, saa 10:40 jioni. Ahsante sana, Idd Mubarak kwako na familia." Ujumbe huo unamwambia mzee amtazamie, unamzuia kijana asipotelee njiani na kitoweo, na umebaki kwenye simu yako kama kumbukumbu.

Pwani sahani ya jirani hairudi tupu, na watu wengi huuliza kama deli nalo lirudi na kitu ndani. Ushauri wetu ni hapana, si siku ile. Kitu chenye kurudi pamoja na samaki kinaonekana kama fidia, kana kwamba mmebadilishana. Kitu cha kumpelekea ni mwili wako mwenyewe. Idd pili, ukipita kuwaona watu, mfikie kwake kama unavyowafikia wengine, ukae kidogo, unywe chai na kaimati zilizopo mezani kwa kila mgeni, usiguse habari za samaki. Watoto wake wakikuamkia na wewe una desturi ya kuwapa watoto hela ya Idd, wape hela ileile unayowapa watoto wa jirani.

Samaki asiporudishika

Mara nyingine umerudi saa tatu usiku, ukamkuta samaki yupo, na mzee simu hapokei. Hapa kuna jambo la afya kabla ya jambo la maadili. Nguru ni wa jamii moja na jodari na vibua. Samaki wa jamii hii wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Mlaji huwashwa mwili, uso huwa mwekundu, kichwa humgonga, tumbo huvurugika. Kwa hiyo fungua deli utazame. Kama barafu bado imemfunika, yuko salama, mwongezee barafu au mtie kwenye friji lenye baridi isiyozidi nyuzi 4. Kama amekaa bila barafu zaidi ya saa mbili kwenye joto la Tanga, asipewe mtu yeyote, hata akiwa macho yake bado yanang'aa na mashavu mekundu. Dalili za macho na mashavu hazikuonyeshi histamini.

Akiwa salama, asubuhi ana njia mbili tu. Ya kwanza ni kurudi kwa mwenyewe, na hii ndiyo bora siku zote. Ya pili ni kupelekwa madrasa au kituo cha watoto kwa jina la mzee, baada ya kumuuliza na kukubali. Umwambie hivi: "Mzee, amelala kwenye barafu lakini sitaki aharibike njiani. Ukiridhia, tumpeleke madrasa kwa jina lako, thawabu ziwe zako." Wengi hulikubali hili kwa furaha, maana heshima yao imebaki na kitu chao kimekwenda kheri. Lakini ni lazima ajue na ni lazima jina liwe lake. Ukimgawa kimyakimya, mzee kwenye daftari lake la moyoni ameandika kwamba ulipokea.

Kosa tunaloliona sana ni kumpeleka samaki jikoni kwa wafanyakazi: "Nimewagawia wote, sikula peke yangu." Ofisi nzima sasa imekula, na mpokezi wa mizigo aliyekula ndiye atakayesimama kwenye mizani Jumatatu.

Mistari minne kwenye daftari

Siku ya kwanza ya kazi, andika kwenye daftari la zawadi, na meneja asaini pembeni. Daftari la kawaida la kaunta linatosha:

Tarehe na saa: siku mbili kabla ya Idd, 10:15 jioni, nyumbani.
Kutoka kwa: msambazaji wa samaki, kwa bodaboda.
Kitu: nguru mmoja, kilo 8 hivi, makadirio 120,000.
Kilichofanyika: amerudishwa saa 10:40, ujumbe wa simu upo.

Usiandike maoni juu ya nia ya mzee. Hujui nia yake, na daftari hilo litasomwa na watu wasiomjua. Kazi yake ni kukulinda siku mtu akisema alimwona bodaboda kwako, na kumlinda yeye pia asionekane aliyepata zabuni kwa samaki.

Ankara

Sasa lile uliloahidi kwenye simu. Chukua ankara zote za mzee ambazo hazijalipwa, uzipange kwa tarehe, na kila moja uitazame imekwama wapi. Kwa kawaida si hila ya mtu. Ankara imekaa kwa sababu hati ya kupokea mzigo haikusainiwa siku samaki walipoletwa alfajiri na mpokezi hajafika, au kilo kwenye ankara ni 60 na mizani ya jikoni iliandika 57.5, au namba ya oda imekosewa tarakimu moja, au risiti ya EFD haijaambatanishwa. Mhasibu anaiweka pembeni akisubiri maelezo, na hakuna anayemwambia mzee.

Katika mfano wetu, tuseme kati ya ankara saba, mbili zimevuka siku 30 kwa sababu ya tofauti ya kilo, na moja kwa sababu ya saini. Ile ya saini unaimaliza siku hiyo, kwa mpokezi kuthibitisha kutoka kwenye kitabu cha jikoni. Zile mbili za kilo unakaa na mzee mezani, kitabu cha mizani kikiwa wazi, mnakubaliana kilo zipi zimepokelewa kweli, anatoa ankara iliyosahihishwa. Ukimlipa kilo ambazo hazikupokelewa ili kumpoza roho, umemrudishia nguru kwa mlango wa nyuma. Ukimkata zaidi ya alizopungua ili uonekane mkali, umemwadhibu kwa ukarimu wake.

Tofauti ya kilo mara nyingi ni barafu na maji. Samaki wakipimwa Sahare wakiwa na barafu tumboni, halafu jikoni wakachuja maji kwanza, mizani hazitasomeka sawa. Dawa yake ni kupima mbele yake, samaki wakishachujwa maji, na wote wawili kusaini hapohapo, nakala moja aondoke nayo. Mzee mwenye nakala iliyosainiwa na tarehe ya malipo anayoijua hana sababu ya kutuma bodaboda mwakani.

Wiki tatu au nne zinazofuata, mpokee kwa mizani ileile na tabasamu lilelile. Yeye atakuwa anakusoma, na mabadiliko yoyote, ya ukali au ya ulegevu, atayaunganisha na samaki.

Zikija hela kwenye simu

Fedha iliyotumwa kwa simu ina mtego wake, kwa kuwa imekwisha kuingia kabla hujaulizwa. Usiitumie, usiichanganye, na usiikalie hadi kesho. Mpigie kwanza, useme uleule mpangilio wa shukrani na kanuni, kisha irudishe kwenye namba ileile iliyotuma. Akikuambia "mrudishie kijana wangu kwa namba hii," kataa kwa upole, maana kumbukumbu zitaonyesha ulipokea kwa mmoja ukampa mwingine. Rudisha kiasi kamili, ada ya kutuma ubebe wewe. Ukirudisha 50,000 ikiwa pungufu ya ada, utabaki umekula shilingi kadhaa zake. Hifadhi ujumbe wa kupokea na wa kurudisha, na uandike daftarini.

Kama fedha imekuja na sharti, mfano "hii ni ya zile bei za mwezi ujao", hapo si zawadi tena na hakuna adabu ya kulinda. Irudishe, mwambie meneja siku hiyohiyo, na TAKUKURU hupigiwa bure kwa 113.

Kukaribishwa

Vitu vya kushika mkononi ni rahisi kuliko kuitwa mezani. Ukikataa kula kwa mtu wa pwani umemkataa mwenyewe, kwa hiyo usikatae kila kitu. Kahawa chungu na kashata kwenye baraza lake ulipokwenda kukagua mzigo, kunywa, isipokuwa wakati ule wa bei. Ni kitu cha kuliwa hapohapo, mbele ya wapita njia, na mgeni yeyote angepewa. Arusi ya mwanawe, nenda, maana ni mwaliko wa mtaa mzima. Toa mchango wako mwenyewe kama jirani, kula pilau pamoja na watu, na usikubali kuondoka na sufuria la kupeleka nyumbani au kukalishwa meza ya peke yako.

Futari ya watu wawili nyumbani kwake, mwishoni mwa mfungo, huku mkataba unakaribia kwisha, ni jambo lingine. Safari ya siku mbili ya Pangani iliyolipiwa chumba ni jambo lingine kabisa, usiite ukarimu. Kwa futari, tumia ule mlango wa barua: "Mzee, mwaka huu tukae pamoja kwenye futari ya hoteli, uje na kijana wako anayeshika hesabu, nimtambulishe kwa mhasibu." Umeukubali ukaribu, umeuhamisha mahali. Hakikisha kweli anakuja, mpokee mlangoni, na mhasibu awepo.

Akinuna, au akirudia

Mzee aliyenuna hasemi. Utamwona kwenye kazi: samaki wanakuja saa mbili badala ya kumi na mbili asubuhi, changu wadogo wamezidi, anamtuma kijana na yeye haonekani, salamu zimefupika. Usimalizie kwenye simu. Nenda kwake mara moja, asubuhi, useme wazi: "Mzee wangu, kama nilikukosea siku ile niwie radhi, sikukukataa wewe." Kisha umwonyeshe tarehe ya malipo ya ankara inayofuata, iliyoandikwa. Kama baada ya hapo mzigo bado ni mbovu, ushughulikie kama mzigo mbovu wa msambazaji yeyote: rudisha kilo zilizoharibika, andika, punguza oda.

Akituma tena msimu ujao, fanya vilevile, salamu na shukrani zisipungue hata neno. Mara ya tatu, simu asipige afisa manunuzi. Apige meneja, amshukuru, amkumbushe barua, na amwombe afike ofisini wazungumze mkataba wakiwa watatu, daftari la zawadi likiwa mezani.